Tulikwenda wawili, tumerudi wanne: maswali yenu kuhusu kutangaza mapacha

Shikamoo Shangazi. Nimeandika hivi: "Kwaheri usingizi! Mungu kanipa wawili kwa mpigo, mimi ni jembe. Nitalala tena mwaka 2043." Mke wangu amenizuia kuposti. Kosa liko wapi? (Baba Kurwa, Mwanza)

Marahaba, baba, na hongereni sana. Mkeo ameona sawa, ingawa utani wenyewe si mbaya. Mpangilio ndio umekuponza.

Kwanza, umefungua kwa kuaga usingizi. Kwenye Instagram msomaji huona mistari michache ya mwanzo kabla hajabonyeza kusoma iliyobaki. Kwa hiyo jambo la kwanza analojua kuhusu wanao ni kwamba wamekuibia kitu. Shukrani imekuja baadaye, na hapo inasomeka kama kiraka.

Pili ni hilo "mimi ni jembe", pamoja na "kanipa". Mapacha wasiofanana hutokea pale mayai mawili ya mama yanapopevuka katika mzunguko mmoja, na wanaofanana hutoka kwenye yai moja lililogawanyika baada ya kurutubishwa. Hakuna mahali hapo ambapo bidii ya baba imeongeza mtoto wa pili. Andika "ametujalia", uone kapsheni inavyotulia.

Tatu, mwaka 2043 uko mbali mno, hauchekeshi. Utani wa usingizi unachekesha ukitoka kwenye saa halisi za nyumba yako. Mtoto mchanga hulala sana, hata saa 16 kwa siku, ila kwa vipande vya saa mbili au tatu, na hunyonya mara 8 hadi 12 kati ya mchana na usiku. Kila mmoja akiwa na ratiba yake, hesabu inafika mara 16 hadi 24. Picha ya kuchekesha imo humo: mmoja anafumba, mwenzake anafumbua. Nimeipanga upya hivi:

"Asante Mungu. Jumanne tulikwenda wawili, tumerudi wanne. Mama yu mzima, Kurwa na Doto wanaendelea vizuri. Usiku wanapeana zamu kama walinzi: Kurwa akifumba macho, Doto anapokea lindo. Wakunga waliotupokea, na bibi anayetukorogea uji saa 10 alfajiri, Mungu awazidishie."

Angalia utani ulipokaa. Uko katikati, ni mmoja tu, na hausemi kwamba watoto ni mzigo. Umewapa kazi ya ulinzi, na msomaji mwenyewe ataelewa kwamba wazazi hawalali. Shukrani ya mwisho nayo imemtaja bibi na uji wake. Unyenyekevu unaonekana zaidi ukitaja mkono uliokusaidia kuliko ukijiita mnyenyekevu. Na kwa kuwa umechagua majina ya Kisukuma, zingatia utaratibu wake: Kurwa ndiye aliyetangulia, Doto akafuata. Ukiyageuza, wajomba wataanza kukusahihisha kabla hawajakupongeza.

Mama mkwe amekataa picha yoyote mpaka arobaini, anachelea jicho. Mume wangu ataka kutangaza leo. Nimsikilize nani? (Mama wa wawili, Mombasa)

Mwanangu, hapa wote wawili wanaweza kuridhika. Tangazeni leo bila nyuso. Jozi mbili za soksi juu ya leso mpya, au vidole viwili vidogo vimeshika kidole cha baba, vinatosha kabisa. Bibi amepata sitara yake, baba amepata tangazo lake. Andikeni kwa namna hii:

"Alhamdulillah, Mola ameturuzuku mapacha, mashaallah. Mama na wana wote wazima. Kwa sasa twajifunza kulala kwa zamu, na wenye nyumba wapya hawajatupangia zamu bado. Milango ni wazi baada ya arobaini, inshallah."

Sentensi ya mwisho ni ya maana kuliko inavyoonekana. Tangazo la mapacha huvuta wageni upesi kuliko harusi, na mgeni mwenye mafua anaweza kumtia mtoto wa wiki mbili katika hatari ya kweli. Ukitaja arobaini mapema hakuna atakayeona umemfungia mlango, kwa sababu desturi yenyewe inajulikana. Mama mkwe mwambie umeitia kapsheni neno lake, maana ni kweli.

Kabla ya kuposti, kuza picha utazame pembeni. Utepe wa mkononi mwa mtoto na kadi ya kliniki hubeba majina na tarehe. Hivyo visionekane.

Nilijifungua wiki ya 33. Kurwa tumeruhusiwa naye, Doto bado yuko wodi ya watoto njiti. Kila mtu anauliza kwa nini sijatangaza. (Mama, Dodoma)

Pole na hongera kwa pamoja, mama, kwa sababu vyote viwili unastahili. Si wewe tu. Zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya wiki ya 37, na si ajabu mmoja akatangulia nyumbani kwa sababu amewahi kuongezeka uzito na kunyonya vizuri.

Hakuna anayekudai tangazo. Ukitaka kungoja mpaka wote wawe chini ya paa moja, ngoja. Ukiamua kutangaza sasa, wahesabu wote wawili tangu neno la kwanza. Nimeona mama akiandika "mtoto wetu amefika nyumbani", kisha akajuta kwa muda mrefu kwa sababu pongezi zote zilimwendea mmoja. Usitaje tarehe ambayo Doto atatoka, hata kama daktari amekudokezea, kwa sababu siku hiyo ikisogea utalazimika kuwaeleza watu mia wakati huna nguvu ya kumweleza hata mmoja.

Utani wa usingizi ninaushauri uusogeze kando kwa leo. Kukesha kwa sababu mtoto analia ni jambo moja, na kukesha ukiwaza kama anapumua ni jambo lingine kabisa. Wasomaji wako watacheka kwa la kwanza wakati wewe umo kwenye la pili. Andika hivi tu:

"Mungu ametupa wawili, Kurwa na Doto. Mmoja yuko kifuani kwangu nyumbani, mwingine namfuata wodini kila siku nimpe kangaruu, ngozi kwa ngozi, anaongeza gramu taratibu. Tunashukuru kwa kila gramu. Tuombeeni, na mtuwie radhi tukichelewa kujibu."

Siku mtakapolala wote wanne chumba kimoja, hapo ndipo utani wako utakuwa na haki yake. Niletee, niusome.

Rafiki yangu wa karibu anatafuta mtoto, huu mwaka wa saba. Nikiposti mapacha si nitamuumiza? (Dada, Nakuru)

Ataumia kidogo hata ukiposti kwa adabu zote, na atakufurahia pia. Kinachoweza kumuumiza bure ni kuipata habari kwenye simu yake pamoja na watu mia tatu wengine. Mwandikie yeye kwanza, siku moja kabla: "Nimejifungua mapacha, tuko salama. Nilitaka uipate kwangu. Usijilazimishe kujibu." Usimwambie kwamba zamu yake inakuja, maana hilo hulijui.

Kisha pitia maneno ya kapsheni yenyewe. Watu hupenda kuandika "Mungu huwapa anaowaamini" au "tulistahili". Zisome sentensi hizo ukiwa umekaa kwenye kiti chake. Kama wewe umepewa kwa kuaminiwa, yeye ameambiwa nini? "Kwa neema tu" inasema ukweli na haimsukumi mtu nje. Utani nao upime hivyo hivyo. "Nani anataka kukopa mmoja nilale?" umetumwa na watu wengi kwa nia njema, lakini kuna mwanamke ambaye angejibu "mimi" na wala asiwe anatania. Utani wa walinzi, wa zamu, wa saa ya ukutani, huo hauchezei mtoto, na rafiki yako anaweza kucheka nao.

Niliweka stetasi: "Sijalala siku tisa." Shemeji zangu wote wakaniuliza kwani ni mimi ninayenyonyesha. (Baba, Morogoro)

Kaka, walikuuliza kwa sababu sentensi ilikuwa na mtu mmoja. Ongeza mke wako, na ongeza kazi yako: "Mama yao ananyonyesha, mimi nawaweka begani mpaka wabeue. Tukimaliza wa pili, wa kwanza ameshaamka. Namshangaa mama huyu, na namshukuru Mungu kwa ajili yake." Na uwe unawaweka begani kweli, maana shemeji watakuja kuangalia.

Ndugu zangu Kampala wananiita Ssalongo tangu mapacha wazaliwe. Nikiliandika jina hilo, si kujikweza? (Nairobi)

Hapana. Kwa Waganda ni jina ambalo watoto wamewapa: baba ni Ssalongo, mama ni Nnalongo. Kama ni wavulana, ni Waswa na Kato; wasichana, Babirye na Nakato. Mtangulize Nnalongo kwenye sentensi, na heshima itakaa mahali pake.

Sipendi maneno mengi. Nikiwa na nafasi ya sentensi mbili tu, nisisahau nini? (Tanga)

Hali ya mama. Hata utani ukikosekana, na uzito wa watoto ukikosekana, hilo lisikosekane.

Nilijifungua mapacha wangu wakati tangazo lilikuwa ujumbe wa simu wa herufi 160. Mume wangu alizitumia vizuri sana: wa kiume na wa kike, kilo za kila mmoja, asante Mungu, na kwamba kuanzia leo usingizi tutausikia kwa majirani. Herufi zikaisha. Kule Korogwe mama yangu aliusoma, akaurudia, akatafuta jina langu hakuliona. Kwa mtu mzima aliyezaa na kuzika, kunyamaza huko kulikuwa na maana moja tu. Alitoka na basi la kwanza, na kanga aliyolalia.

Alipofika mlangoni watoto walikuwa wanalia wote wawili, kila mtu akimnyooshea mmoja ampokee. Aliwapita. "Mwanangu yuko wapi?"