Kaamka, kisha kazima tena

"Jamaa alizidisha unga, ile heroini, akachomwa naloksoni akaamka, hadi akaomba maji. Saa moja baadaye kazima tena. Ile dawa ilikuwa feki?"

Hapana, iliisha nguvu tu. Naloksoni huusukuma unga kutoka pale ulipokaa kwenye ubongo, ila yenyewe hudumu kama dakika 30 hadi 90. Unga bado umo mwilini, unarudi palepale na pumzi inashuka. Kama alikunywa methadoni ndiyo mbaya zaidi, hiyo hukaa hata siku nzima na zaidi.

Wapo wanaosema apigwe naloksoni nyingi kwa mkupuo, wako sahihi nusu. Dozi inarudiwa baada ya dakika 2 au 3 kama bado hapumui vizuri, huku mkimpulizia pumzi mdomoni. Ukimjaza ataamka na arosto kali, atoroke kutafuta kete nyingine.

Mimi nahudumia watu maskani. Mmoja aliachwa "alale kidogo", nikamkuta anakoroma kwa kukatakata, midomo imegeuka rangi. Mpelekeni hospitali hata akigoma, wamwangalie saa 2 au zaidi. Kama alichanganya na valiamu au pombe, hizo naloksoni haizigusi.