Unga ule ule, mameneja watano: seling na maketing zinaachana wapi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma diploma ya biashara hapa Iringa, mwaka wa kwanza. Kwenye testi tulipewa keisi ya kiwanda cha unga, mauzo yameshuka, wakaajiri vijana wa mauzo 20, wakaweka tangazo redioni na ofa ya ukinunua viroba 5 unapewa fulana, tuseme ni konsepti gani. Nikaandika maketing konsepti sababu kuna tangazo na promosheni, nikapata 2 kati ya 10. Naomba unielekeze, na zile tano zote nazitofautishaje, maana prodakti na maketing naona kama kitu kimoja.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hizo 2 nadhani ulipewa kwa kueleza maana ya konsepti, maana jibu lenyewe ni seling. Ulichofanya ni kuangalia vifaa, ukaona tangazo, ukaona ofa, ukasema hapa kuna maketing. Sasa tangazo linatumika kwenye zote mbili, hata ofa, hata vijana wa mauzo, kwa hiyo hivyo vitu havitenganishi chochote. Kinachotenganisha ni kwamba uamuzi umeanzia wapi, kiwandani au kwa mteja. Soma tena hiyo keisi, kuna mahali popote kiwanda kimemuuliza mtu kwa nini hanunui? Hakuna. Unga ni ule ule, kiroba ni kile kile, wameongeza nguvu ya kusukuma tu.

Nikupe ya kwangu maana hii niliijua kwa miguu kabla ya kuijua darasani. Kabla sijaanza kufundisha nilikuwa kijana wa mauzo kwenye kiwanda kimoja cha sembe hapa Mbeya. Mwezi mmoja stoo kulikuwa na viroba 600 vya kilo 25, yaani tani 15 zimekaa, bosi akatuita asubuhi akasema mwisho wa mwezi nataka stoo nyeupe, sitaki maelezo. Basi tukaingia Mwanjelwa, Soweto, Uyole, Igawilo, mpaka Mbalizi, tunabembeleza wenye maduka, asiye na hela tunamwachia mali kauli, anayesita tunamwongezea kofia. Mwisho wa mwezi vilitoka viroba 540, bosi kafurahi, na sisi tukapewa posho. Mwezi uliofuata oda zilikuwa 70 tu, na viroba 110 vikarudi, vingine vina wadudu. Ndo nikaelewa kwamba hatukuuza, tulihamisha unga kutoka stoo yetu kwenda stoo za wenzetu, mlaji mwenyewe hakuwa ameugusa.

Hiyo ndo seling konsepti ikiwa uchi. Inaanzia kiwandani, macho yako kwenye bidhaa ambayo tayari ipo, njia yake ni kusukuma na kushawishi, na faida inatafutwa kwenye wingi wa mauzo. Dhana yake ni kwamba mteja asiposukumwa hatanunua vya kutosha. Dalili yake kwenye maisha ya kweli ni kama hiyo, mwezi huu mauzo yanapanda ghafla, mwezi ujao yanaanguka, madeni ya mali kauli yanabaki yananing'inia.

Baadaye akaja meneja mwingine, mtu mkimya, akaturudisha mitaa ile ile lakini bila viroba, tukabeba madaftari. Wiki tatu kazi ni kuuliza tu, sisi tukaona anapoteza muda. Tukarudi na majibu ambayo hakuna aliyeyategemea: unga wenyewe hauna shida. Shida ilikuwa kiroba. Familia nyingi zinanunua kilo moja au mbili, kwa hiyo mwenye duka anafungua kiroba cha 25 anapima kwa kopo, na mama wa nyumbani hauamini unga uliofunguliwa, una vumbi, hajui umekaa siku ngapi, anaenda kwa jirani mwenye mifuko midogo iliyofungwa. Mama ntilie yeye alikuwa sawa kabisa na kilo 25, anaumaliza siku chache. Kiwanda kikaanza kufunga kilo 2 na kilo 5 kwa ajili ya maduka, kilo 25 zikabaki za mama ntilie na mashule, na tukawa tunasaga kidogo kidogo kila wiki badala ya kujaza stoo. Redioni tangazo likaendelea, vijana wa mauzo tukaendelea, tofauti sasa mwenye duka ndo anapiga simu anauliza mbona mmechelewa.

Hapo ndo maketing konsepti. Inaanzia sokoni, macho yako kwenye hitaji la mteja, njia yake ni mambo yote kushirikiana (bidhaa yenyewe, ukubwa wa mfuko, bei, inapopatikana, tangazo), na faida inakuja kwa sababu mteja karidhika akarudi. Profesa Theodore Levitt wa Harvard aliliweka vizuri mwaka 1960, kwamba seling inashughulika na hitaji la muuzaji la kugeuza mali yake kuwa hela, na maketing inashughulika na hitaji la mnunuzi. Hilo likikukaa kichwani huhitaji kukariri jedwali.

Sasa zile konsepti tano, yaani mitazamo ya kuendesha biashara: prodakshen, prodakti, seling, maketing na sosaitali. Mimi nawaambia wanafunzi wangu wajiulize swali moja tu: mauzo yakishuka, huyu meneja anashika nini kwanza? Meneja wa prodakshen anakimbilia mashine. Atasema tusage zaidi, tushushe gharama, unga ufike kila duka kwa bei ndogo, watu watanunua. Kwenye keisi utaona maneno kama bei nafuu, kupatikana kwa urahisi, kuzalisha kwa wingi. Mfano wa vitabuni ni Ford na Modeli T, gari lililoanza kuuzwa 1908 kwa dola 850 hivi, mwaka 1913 akaweka mstari wa kuunganishia unaotembea, na miaka ya 1920 bei ikashuka chini ya dola 300. Usiudharau mtazamo huu, pale ambapo mahitaji ni makubwa kuliko mali iliyopo, au bei ndo inawazuia watu kununua, una akili kabisa. Unakufa pale ambapo watu wanataka kitu kingine na wewe unazidi kukizalisha kile kile kwa bei rahisi.

Prodakti ndo inayokuchanganya, na si wewe tu. Meneja wa prodakti mauzo yakishuka anamwita fundi. Atanunua mashine mpya ya kukoboa, unga uwe mweupe zaidi, uwe laini zaidi, mfuko uchapwe rangi nne, na anaamini kitu bora kinajiuza chenyewe. Tofauti yake na maketing ni nani kasema ni bora. Hapa ubora kaupima mwenye kiwanda, kwenye maketing ubora kaupima mteja. Kwenye ile keisi yangu kama bosi angenunua mashine ya kukoboa angepata unga mweupe kama chaki na bado ungekaa stoo, kwa sababu mama wa Soweto alikuwa analalamikia kopo la kupimia, si weupe. Kwa hiyo ukiona neno kuboresha kwenye swali usikurupuke. Rudi nyuma sentensi moja uangalie: wameboresha baada ya kuuliza au wameboresha kwa sababu fundi kapenda? La kwanza maketing, la pili prodakti. Mtunga mtihani anajua mnakurupukia hapo, na mara nyingi anaificha hiyo sababu kwenye nusu sentensi tu.

Sosaitali ni maketing yenye swali moja la ziada. Mteja anataka sembe nyeupe, sawa, lakini ukikoboa sana unaondoa pumba na kiini, na humo ndo kuna sehemu kubwa ya nyuzinyuzi na virutubishi. Meneja wa maketing atampa mteja weupe wake akamaliza. Meneja wa sosaitali anajiuliza mtoto atakayekula huo unga miaka kumi atakuwaje, basi anaongeza madini ya chuma, zinki na foliki asidi, au anatoa dona ya kiwango kizuri na kuelezea faida zake, huku bei ikibaki ya kununulika na kiwanda kikipata faida. Yaani anapima vitu vitatu kwa pamoja: anachotaka mteja, faida ya kampuni, na ustawi wa mteja na jamii kwa muda mrefu. Mtego wake ni misaada. Kiwanda kikitoa madawati shuleni au jezi za ligi ya kata, halafu unga wenyewe ni ule ule, hiyo ni hisani, haitoshi kuitwa sosaitali. Mtazamo lazima uguse bidhaa na namna inavyotengenezwa au kuuzwa.

Halafu usiandike kwenye mtihani kwamba seling ni mbaya, wengi wanaandika na wanapoteza maksi. Kuna vitu mtu hawezi kuamka asubuhi akavifuata mwenyewe, bima kwa mfano, nani anaenda kutafuta bima kabla hajaungua duka? Huko kusukuma kunahitajika. Na pia kampuni inaweza kuingia kwenye seling kwa muda kwa sababu kiwanda ni kikubwa kuliko soko, mashine haiwezi kusimama, mishahara inasubiri. Inakuwa hatari pale inapogeuka tabia, kwa sababu mteja aliyelazimishwa harudi, na anawasimulia wenzake.

Kwa namna ya kuandika, wasahihishaji wengi wanatafuta vitu vitatu: umetaja mtazamo, umenukuu ushahidi kutoka kwenye keisi, na umeeleza kwa nini siyo yule jirani yake anayefanana naye. Wengi mnaishia cha kwanza mkaanza kumwaga faida na hasara ambazo hazijaulizwa. Kwa swali lako mimi ningeandika hivi, seling nikiiita mtazamo wa uuzaji na maketing mtazamo wa masoko:

"Kiwanda kinatumia mtazamo wa uuzaji. Mauzo yaliposhuka, kiliongeza vijana wa mauzo 20, tangazo la redio na ofa ya fulana, lakini unga, ukubwa wa kiroba na bei havikubadilika. Hii inaonyesha kimeanzia kwenye bidhaa iliyopo na kinatafuta faida kwa kuongeza wingi wa mauzo. Si mtazamo wa masoko, ingawa kuna tangazo, kwa sababu hakuna sehemu inayoonyesha kiwanda kilichunguza mahitaji ya wateja au sababu ya wao kutonunua. Kingekuwa cha mtazamo wa masoko, kingeanza kwa kuchunguza hilo, ndipo kibadilishe bidhaa, bei au usambazaji, na tangazo lifuate."

Hiyo ni aya moja tu na imebeba yote. Kama swali lina maksi 10 ongeza aya ya madhara yake kwa kiwanda hicho hicho, mfano maduka kujaa unga usiotoka na oda kuanguka mwezi unaofuata, usiende kutafuta mfano wa Marekani wakati keisi unayo mkononi. Na ukikutana na keisi yenye mitazamo miwili ndani yake, mfano kiwanda kimefanya utafiti kwa mama ntilie lakini kwa maduka kinasukuma tu, sema hivyo hivyo, taja kila mmoja na ushahidi wake, halafu sema upi umezidi uzito. Kama testi ijayo mtapewa keisi nyingine nitumie na jibu lako kabla hujaenda kuangalia la mwalimu wenu, tuone kama utaanzia kwenye tangazo tena.