Kisukari kwenye wasilisho la ugonjwa wa fizi

"Mgonjwa wangu ana ugonjwa wa fizi uliosambaa, pia ana kisukari. Msimamizi anasema historia yangu haiungani na utambuzi. Nirekebishe wapi?"

Habari za Kisumu, mdogo wangu. Angalia kwanza kama HbA1c, yaani kipimo cha wastani wa sukari kwenye damu, uliyoiandika kwenye historia inarudi kwenye utambuzi. Mimi nilikwama hapo hapo. Mama wa miaka 50 alilalamika kwamba kila akipiga mswaki anatema damu. Meno 20 kati ya 26 yalikuwa yameathirika, na ikifika asilimia 30 tunasema umesambaa. Mifuko ya fizi ilifika milimita 7, mshikamano wa fizi na jino, ukipimwa kati ya meno, ulipotea milimita 6: hatua ya III ya ukali. Kwenye eksirei, jino baya zaidi lilipoteza asilimia 40 ya mfupa. Gawanya kwa umri upate 0.8, daraja B la kasi ya ugonjwa. Lakini HbA1c ilikuwa asilimia 8.4, na kuanzia 7 daraja hupanda hadi C. Hilo ndilo nililoliacha.

Mpango unafuata hapo: barua kwa kliniki ya kisukari, mafunzo ya mswaki, kukwangua ugaga chini ya fizi, kisha kupima mifuko upya baada ya miezi 3. Upasuaji usiuamue kabla ya vipimo hivyo.