Maswali na majibu: asilimia 30 ya nini hasa?

Nafundisha Ilala. Wanafunzi wangu wanachanganya kiwango cha kodi cha pembezoni na kile cha wastani. Nianzie wapi ubaoni?

Anza na jedwali, na ulichore kubwa. Hili hapa la kodi ya mshahara wa mwezi Tanzania Bara, lililoanza kutumika Julai 2021:

| Kipato kinachotozwa kodi (sh.) | Kodi |
|---|---|
| Hadi 270,000 | Hakuna |
| 270,001 – 520,000 | 8% ya kinachozidi 270,000 |
| 520,001 – 760,000 | 20,000 + 20% ya kinachozidi 520,000 |
| 760,001 – 1,000,000 | 68,000 + 25% ya kinachozidi 760,000 |
| Zaidi ya 1,000,000 | 128,000 + 30% ya kinachozidi 1,000,000 |

Kisha mchukue karani wa Kariakoo anayelipwa 1,000,000 kwa mwezi. Kabla ya kodi anachangia asilimia 10 kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani 100,000, na mchango huo hautozwi kodi. Kinachoingia kwenye jedwali ni 900,000. Wasisitizie hapo, kwa sababu wengi hukimbilia kukokotoa kwa ile milioni nzima na kupata kodi ya 128,000 isiyo yake.

Laki tisa ziko daraja la nne. Zimezidi 760,000 kwa 140,000, na asilimia 25 ya 140,000 ni 35,000. Ongeza 68,000, kodi yake ni 103,000.

Sasa uliza maswali mawili, moja baada ya jingine. Kipato hicho kikiongezeka kwa shilingi 100, serikali itachukua ngapi? Ishirini na tano, kwa hiyo kiwango cha pembezoni ni asilimia 25. Na kwa kipato chote, kodi ni sehemu gani? Gawanya 103,000 kwa 900,000, utapata kama asilimia 11.4. Hicho ndicho cha wastani. Mwanafunzi aliyeandika kodi ya 225,000 amechukua asilimia 25 ya laki tisa zote. Huyo ndiye wa kukaa naye.

Hizo 20,000, 68,000 na 128,000 zimetoka wapi? Mwanangu anazikariri tu.

Ni kodi ya madaraja yaliyo chini, imeshajumlishwa. Daraja la pili lina upana wa 250,000, na asilimia 8 yake ni 20,000. La tatu lina upana wa 240,000, asilimia 20 ni 48,000. Jumlisha na 20,000 upate 68,000. Hatua ya mwisho mwachie mwenyewe aikokotoe. Akifika 128,000 bila kuchungulia, hatakuwa na haja ya kukariri.

Bosi anataka kunipandisha kutoka milioni moja hadi milioni moja na laki mbili. Wenzangu wananiambia nitaingia kwenye asilimia 30 na nitarudi nyumbani na kidogo kuliko sasa. Nikatae?

Usikatae, ndugu yangu. Hofu hii naisikia kila mwaka na inanisikitisha, kwa sababu watu huipa uzito wakati wa kuamua mambo ya riziki yao.

Hali yako ya sasa ni ya yule karani: toa mchango 100,000 na kodi 103,000, unabaki na 797,000. Ukipandishwa, mchango unakuwa 120,000 na kinachotozwa kodi ni 1,080,000. Asilimia 30 inagusa zile 80,000 tu zilizovuka milioni, nayo ni 24,000. Kodi yote ni 152,000, na mkononi unabaki na 928,000. Umeongezewa 200,000, zimekufikia 131,000.

Wenzako wanapiga asilimia 30 kwa 1,080,000 yote na kupata 324,000. Wakitaka kuliona kosa lao, wapime mpakani. Kwa hesabu yao, mwenye 1,000,000 analipa 250,000, na akiongezewa shilingi moja tu analipa 300,000. Kwa jedwali, shilingi hiyo moja inaongeza kodi ya senti 30.

Kitu kimoja wamekigusa bila kukitaja: nyongeza hukatwa kwa kishindo kuliko mshahara wa zamani. Kodi ya nyongeza yako ni 49,000 ndani ya 180,000 zinazotozwa, zaidi ya robo, ilhali wastani wako umepanda kutoka asilimia 11.4 hadi 14.1 tu. Ukitaka kupima kama kazi ya ziada inalipa, tazama kiwango cha pembezoni. Wastani utumie kujua mzigo wako wote wa kodi.

Je, wastani unaweza kufika asilimia 30?

Hapana. Kwa kipato cha 5,000,000 kinachotozwa kodi, kodi ni 1,328,000, sawa na asilimia 26.6. Ukipanda zaidi unaikaribia 30 bila kuigusa, kwa kuwa zile 270,000 za kwanza hazitozwi kitu na madaraja ya kati yanatozwa kidogo, hata kwa tajiri.