Hotuba ya kanuni za picha zilizochezewa

"Jumapili nasimama kwenye kikao cha kikoba chetu hapa Dodoma kupendekeza kanuni za picha za wanachama zilizochezewa grupuni. Niseme nini bila kumchoma aliyeanza?"

Dada, usimtaje, na picha yenyewe usiionyeshe. Utakuwa umeisambaza upya. Anza na kanuni moja: picha ya mwanachama iliyobadilishwa haitumwi bila yeye kukubali, hata kwa utani. Watani mnaelewana, ila picha ikivuka grupu, huko inaonekana ya kweli.

Pili, kabla admini hajaifuta kwa wote, aliyechezewa apige skrinishoti inayoonyesha namba na saa. Ikishafutwa, mtabishana tu. Faini kikao kiamue.

Ya utupu, au ya mtoto, msiimalize kikaoni wala msizungushe nakala. Nendeni polisi; Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo.