Kabla ya kununua kadi ya grafiki, geuza pawa saplai usome stika

Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa boksi la pawa saplai, 500, 600 au 700, ndiyo namba ninayoiangalia mwisho. Kadi ya grafiki haijui habari za namba hiyo. Inachokula ni umeme wa volti 12 peke yake, ukiacha kiasi kidogo sana cha volti 3.3 inachopata kwenye ubao mama wa kompyuta. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni moja: hii pawa saplai inatoa ampea ngapi kwenye laini ya 12V? Jibu liko kwenye stika, na stika mara nyingi iko upande usioonekana mpaka ufungue skrubu nne za nyuma ya kasha.

Nitaeleza kwa kutumia mashine ya kijana mmoja wa Malimbe anayehariri video za harusi. Alikuwa ameshapata kadi ya RTX 4070 na alitaka nimfungie tu aende zake. Kompyuta yenyewe ilikuwa na prosesa ya i5-12400F, na ndani pawa saplai nyepesi kama sufuria tupu. Nilipomwambia tusubiri kwanza, akanijibu, “Fundi, hiyo si 700? Kadi yenyewe wanasema 650 inatosha.” Nikaitoa, nikaigeuza, tukaisoma pamoja pale mezani. Ilikuwa hivi:

```
+3.3V   +5V    +12V1   +12V2   -12V   +5VSB
24A     28A    18A     18A     0.5A   2.5A
130W           336W            6W     12.5W
```

Mstari wa kwanza ni volti, wa pili ni ampea za juu za kila laini ikifanya kazi peke yake, na wa tatu ni wati za juu laini zikifanya kazi kwa pamoja. Huo mstari wa tatu ndio wa kusoma. Wengi wanaishia wa pili: wanaona 18 na 18, wanajumlisha, wanapata ampea 36, wanafurahi. Lakini laini hizo mbili zinachota kwenye chanzo kimoja, na stika yenyewe inasema zikiwa pamoja mwisho ni wati 336. Gawanya kwa 12 unapata ampea 28. Hizo ndizo alizonazo, hakuna nyingine.

Sasa hiyo 700 ilitoka wapi? Zidisha kila volti kwa ampea zake za mstari wa pili, kisha jumlisha zote. Unapata kama wati 670, na kutoka hapo mtu akiizungushia kwenda juu anafika 700. Ukijumlisha mstari wa tatu, ambao ndio wa kweli, unapata chini kidogo ya 485. Ndiyo maana stika yake haikuwa na ule mstari wa mwisho wa TOTAL POWER ambao pawa saplai nzuri huwa nao. Ukikuta stika isiyo na jumla hiyo, au isiyo na wati za pamoja za 12V kabisa, mimi huihesabu kuwa haifai kwa kadi yoyote yenye tundu lake la umeme.

Upande wa pili wa hesabu ni kile mashine inachokula. RTX 4070 imepangiwa wati 200, yaani karibu ampea 17. i5-12400F imeandikwa wati 65, lakini ikibanwa na kazi inaruhusiwa kufika 117, na kwa kuwa ubao unapoteza kidogo wakati wa kushusha volti, weka ampea 11. Feni, diski na ubao wenyewe weka 2 au 3. Jumla ni kama 30. Pawa saplai ina 28. Na hapo bado hatujagusa mruko: kadi za siku hizi zinaweza kuruka juu ya wati zake kwa muda mfupi sana, sehemu ndogo ya sekunde, na pawa saplai dhaifu ikikutana na mruko huo inajizima.

Linganisha na ile 650 ambayo watengenezaji wa kadi hii wanaipendekeza. Pawa saplai ya wati 650 iliyotengenezwa vizuri itaandika laini moja ya 12V yenye ampea 54 au karibu na hapo, yaani karibu wati zake zote ziko kwenye 12V. Hiyo ndiyo alama rahisi ya kuitambua hata ukiwa umesimama dukani kule Makoroboi na simu mkononi: zidisha ampea za 12V kwa 12, uone kama unaikaribia namba ya boksi. Ikitoka nusu, unajua umeshika nini. Stika nyingine pia zinaandika joto walilopimia. Ile iliyopimwa kwenye nyuzi 40 au 50 naiamini zaidi ya iliyopimwa kwenye 25, maana ndani ya kasha lililowekwa chumba cha bati saa nane mchana hakuna nyuzi 25.

Tukimaliza ampea ndipo tunakuja kwenye vichwa vya kebo, na hapa ndipo vitu huungua.

Kichwa cha pini 8 cha kadi kimepangiwa wati 150, cha pini 6 wati 75, na tundu la kwenye ubao linaipa kadi wati 75 nyingine. Kadi ya kijana wetu ilikuwa na tundu jipya la pini 16 na ilikuja na adapta fupi: upande mmoja pini 16, upande mwingine vichwa viwili vya pini 8. Pawa saplai yake ilikuwa na kichwa kimoja tu cha kadi, kile cha pini 6 chenye pini 2 zinazoning'inia pembeni. Duka lilikuwa limeshamtatulia: likampa adapta ya pili inayotoa pini 8 kutoka kwenye kichwa bapa cha SATA cha diski. Adapta ile niliiweka pembeni na sikumrudishia. Kichwa cha SATA kina pini tatu za volti 12, kila moja ampea 1.5, kwa hiyo mwisho wake ni wati 54. Upande wa pili wa kipande kile kuna kichwa kinachoiambia kadi kwamba iko huru kuvuta 150. Plastiki ya SATA ndiyo italipa tofauti hiyo.

Kuna mwingine hutazama pawa saplai, akaona kichwa kingine cha pini 8 hakina kazi, akataka kukitumia. Hicho ni cha prosesa. Vinafanana lakini vimepangwa kinyume: cha prosesa kina waya nne za njano upande wa kibanio na nne nyeusi upande wa pili, cha kadi kina njano tatu upande usio na kibanio na nyeusi tano. Umbo la pini linazuia kuingia, ila mtu mwenye nguvu na haraka anaweza kulazimisha, na hapo anaunganisha volti 12 moja kwa moja na waya wa kurudi. Kama waya zote ni nyeusi, soma maandishi kwenye kichwa: CPU ni ya prosesa, PCIE au VGA ni ya kadi. Cha prosesa hugawanyika nne kwa nne, cha kadi sita kwa mbili. Na kama pawa saplai ni ya kebo za kuchomoa, usiazime kebo ya pawa saplai nyingine hata ikiingia vizuri. Upande wa kadi umewekewa kanuni moja, upande wa pawa saplai kila mtengenezaji anapanga anavyotaka.

Tundu la pini 16 lenyewe linataka heshima yake. Umeme unapita kwenye pini 12, sita za kwenda na sita za kurudi, na nne ndogo ni za kuwasiliana. Kati ya hizo ndogo, mbili zinaiambia kadi kikomo chake: 150, 300, 450 au 600. Adapta ya vichwa viwili inatangaza 300. Elewa kwamba adapta haipimi pawa saplai, inatangaza tu. Ukiwa na pawa saplai ya ampea 28 nyuma yake, tangazo ni lile lile.

Kwenye wati 600 kila pini inabeba zaidi ya ampea 8, wakati kikomo chake ni kama 9.5. Pini za kichwa cha zamani cha 8 zinabeba kama ampea 4 tu zikifika kikomo cha 150, ndiyo maana zilisamehe uzembe mwingi. Baada ya vichwa vya RTX 4090 kuanza kuyeyuka mwishoni mwa 2022, tundu liliboreshwa likaitwa 12V-2x6, pini ndogo zikafupishwa ili kichwa kisipoingia mpaka mwisho kadi isivute umeme. Kwa kadi ya wati 200 hatari ni ndogo sana, lakini kufunga ni kule kule: sukuma mpaka kibanio kishike, angalia kwa tochi kwamba hakuna ufa kati ya kichwa na tundu, na waya usikunjwe ndani ya sentimita tatu na nusu za mwanzo.

Kijana alichukua pawa saplai ya wati 650 yenye ampea 54 na kebo mbili tofauti za kadi, tukachomeka kila kichwa cha adapta kwenye kebo yake. Kebo moja yenye vichwa viwili ingeweza kubeba kadi hii, ila kwa kadi za wati 300 na kuendelea singekubali. Na kama wewe bado hujanunua, baadhi ya RTX 4070 zilitengenezwa na tundu moja la pini 8 la kawaida. Hesabu inakubali: 150 na 75 za ubao ni 225. Hiyo haihitaji adapta kabisa, na mimi ndiyo ningeitafuta.

Kama tayari una mashine na huna uhakika, fungua programu ya kupima mashine iitwayo HWiNFO, uanze kazi nzito ya kadi kwa dakika kumi na tano, uangalie +12V. Ikishuka chini ya 11.4, simamisha. Mashine ikizima ghafla ukianza gemu au kutoa video, bila skrini ya bluu, na Event Viewer ya Windows ikaonyesha kosa la Kernel-Power 41, inaweza kuwa umeme wa mtaani umeshuka; ila kama taa ya chumbani haikupepesa na inarudia kila kadi ikibanwa, anza na pawa saplai. Halafu zima, chomoa ukutani, uguse vichwa vya kebo kwa kidole. Vuguvugu ni sawa. Kama huwezi kushikilia, au plastiki imegeuka rangi ya kahawia, usikirudishe.