Kuandika .mp4 mwishoni mwa jina hakuifanyi video kuwa MP4

Ukimwona mtu anafuta .MOV mwishoni mwa jina la video, anaandika .mp4, kisha anamkabidhi mteja flashi, mzuie kabla mteja hajafika nyumbani. Mimi nahariri video za harusi hapa Mtwara mjini, na malalamiko mengi ninayoletewa yanaanzia hapo hapo. Ushauri wangu ni kwamba kabla hujagusa jina, ujue kwanza ndani ya faili mna nini.

Ndani mna mambo mawili tofauti. La kwanza ni kodeki, yaani njia iliyotumika kubana picha au sauti. Picha ya 1920 kwa 1080 isiyobanwa, yenye fremu 30 kwa sekunde, hula zaidi ya MB 180 kila sekunde, na hakuna simu inayoweza kuhifadhi harusi nzima kwa mtindo huo. Kwa hiyo simu huibana wakati ule ule wa kurekodi. Kodeki ya picha iliyozoeleka zaidi ni H.264, iliyotoka mwaka 2003. Mdogo wake ni H.265, ambayo pia huitwa HEVC, ya mwaka 2013. Hiyo hubana zaidi, lakini runinga iliyotengenezwa kufungua H.264 peke yake haiwezi kuifungua.

La pili ni kontena. Kontena hubeba picha iliyobanwa na sauti iliyobanwa kwa pamoja, na hutunza kumbukumbu za muda ili midomo ya bibi harusi iende sawa na maneno yake. MP4, MOV, MKV na AVI zote ni kontena. Ukiambiwa tu kwamba video ni MP4, bado hujaambiwa imebanwa kwa kodeki gani.

Sisi wa huku kwenye korosho tunaweza kulielewa jambo hili kwa haraka. Kontena ni gunia, kodeki ni hali ya korosho iliyomo. Ukifuta maandishi ya nje ukaandika "zimebanguliwa", korosho ghafi zinabaki na maganda yake. Ukizihamishia kwenye gunia jingine, umebadili gunia tu. Ukitaka zibanguliwe, lazima uzibangue moja moja, na kazi hiyo ina muda wake na hasara yake.

Sasa tuangalie kisa chenyewe. Mama mmoja alinijia na flashi ya harusi ya binti yake iliyofanyika Mikindani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sauti naisikia, hata vigelegele vyangu navisikia, ila picha hamna. Giza tupu."

Video ilirekodiwa na ndugu yao kwa iPhone, dakika 14, na kijana mmoja alikuwa ameibadilisha jina tu kuwa harusi.mp4. Neno la mama lilitosha kunielekeza, maana runinga ilikuwa imelikubali faili na sauti ilikuwa inatoka. Hapo kontena imefunguka, kilichokwama ni kodeki ya picha. Ingekuwa picha inaonekana na sauti haipo, ningeshuku kodeki ya sauti. Na kama faili lisingeonekana kabisa kwenye orodha ya runinga, ndipo ningeanza kuishuku kontena au jina.

Nikaliangalia kwa ffprobe, programu ya bure ya kusoma yaliyomo ndani ya faili, inayokuja pamoja na ffmpeg, programu ya kubadili video kwa amri za kuandika:

```
ffprobe -hide_banner harusi.mp4
```

Ilitoa mistari mingi, lakini iliyonihusu ni hii, nimeifupisha:

```
major_brand : qt
Video: hevc (Main) (hvc1), 1920x1080, 30 fps
Audio: aac (LC) (mp4a), 44100 Hz, stereo
```

Angalia mstari wa kwanza. Jina linasema mp4, lakini faili lenyewe ndani bado linajitambulisha kuwa qt, yaani QuickTime, ambayo ndiyo MOV. Jina la faili huandikwa kwenye orodha ya flashi, nje ya data. Kulibadili hakugusi hata baiti moja ya video. Unaweza kuthibitisha bila programu yoyote: tazama ukubwa wa faili kabla na baada ya kubadili jina. Ni ule ule hadi baiti ya mwisho, na kazi imeisha papo hapo. Video ya dakika 14 haibadilishwi kodeki kwa kufumba na kufumbua.

Kama huna ffprobe, fungua video kwa VLC kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl+J, na usome mstari wa Codec. Ila usiitumie VLC kama ushahidi kwamba video ni nzima kwa runinga ya mteja. VLC haitegemei jina, hulichungulia faili ndani, na ina kodeki karibu zote. Ndiyo maana wengi huamini kwamba kubadili jina kumefanya kazi. Tena MOV na MP4 ni ndugu wa karibu kwa muundo, kwa hiyo vifaa vingi huifungua MOV iliyopewa jina la mp4. Udugu huo unawapotosha watu wengi.

Je, tungeihamisha tu kwenye kontena halisi ya MP4? Kwanza ungelirudishia faili jina la harusi.mov, kisha amri yake ni hii:

```
ffmpeg -i harusi.mov -c copy harusi.mp4
```

Hii ni kuhamisha gunia. Huchukua sekunde chache na ubora haupungui hata kidogo, kwa sababu data iliyobanwa inanakiliwa ilivyo. Ni dawa nzuri ukiwa na MKV yenye picha ya H.264 na sauti ya AAC ndani ambayo runinga inaikataa kwa sababu ya kontena tu. Lakini kwa mama yetu isingesaidia, kwani HEVC ingebaki HEVC na giza lingebaki giza. Ilibidi picha ibanwe upya:

```
ffmpeg -i harusi.mov -c:v libx264 -crf 20 -pix_fmt yuv420p -c:a copy harusi_tv.mp4
```

Sauti nimeiacha ilivyo, maana ilikuwa inasikika vizuri na kuibana upya ni kuiharibu bure. Namba ya crf huamua ubora: ukiishusha, picha inakuwa bora na faili linakua, ukiipandisha, kinyume chake. Mimi hukaa kati ya 18 na 23. Sehemu ya yuv420p huitoa picha ikiwa ya biti 8, na ni muhimu hasa kwa simu zinazorekodi HDR, yaani picha yenye mwanga na rangi pana zaidi, ya biti 10, kwa sababu runinga nyingi hazifungui H.264 ya biti 10. Hata hivyo video ya HDR ikipita kwa amri hii pekee inaweza kutoka na rangi zilizopauka. Hiyo inahitaji hatua ya ziada ya kurekebisha rangi.

Kwenye laptopu ya kawaida kazi hii huchukua muda, wakati mwingine kuliko urefu wa video yenyewe. Faili linalotoka linaweza pia kuwa kubwa kuliko la kwanza, kwa kuwa H.264 haibani kama HEVC. Mteja akishangaa, mweleze hivyo.

Usiifute MOV ya asili. Kila ukibana upya unapoteza ubora kidogo, kwa hiyo toleo lolote jipya litoke kwenye ile ya kwanza. Na kama harusi bado haijafika, mwambie mwenye iPhone aingie Settings, kisha Camera, kisha Formats, achague Most Compatible. Simu itarekodi kwa H.264. Kwa 1080p ya fremu 30, nafasi inayotumika itapanda kutoka takriban MB 60 hadi MB 130 kwa dakika, basi aangalie kumbukumbu ya simu kabla msafara haujaondoka.